Naomba ushauri: "declaración" ni maelezo au ushahidi?

Wakalimani mlioko Hispania, naomba msaada. Neno "declaración" hutumika kwa shahidi (testigo) na kwa mtuhumiwa (investigado) pia. Ukimwambia mtuhumiwa "utatoa ushahidi", atajiona ni shahidi anayelazimika kusema kweli, kumbe ana haki ya kunyamaza. Shahidi ndiye anayeweza kushtakiwa kwa "falso testimonio" akidanganya mahakamani. Kwa hiyo mtuhumiwa nampa "maelezo", shahidi wa mahakamani "ushahidi".

Kinachonisumbua ni kituoni, polisi akisema "se le imputa un delito de hurto". Mashtaka (acusación) bado hayajafunguliwa, hivyo "umeshtakiwa" ni kosa. Nasema "unatuhumiwa kwa wizi". Je, "denuncia" nayo mnaiita malalamiko au taarifa ya kosa?