Naomba ushauri: majina ya miradi yanapandiana kwenye grafu ya nukta yenye robo nne

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandaa grafu ya kupanga vipaumbele vya miradi 24, ambamo mhimili wa mlalo ni ugumu wa utekelezaji na wa wima ni faida, vyote vikipewa alama nzima kuanzia 1 hadi 5, na mistari ya kugawa robo imepita kwenye 3. Ninatumia matplotlib pamoja na maktaba ya adjustText ya kutenganisha majina. Baada ya kuweka mipaka ya mihimili na kuchora kila kitu, mwishoni naita:

```python
adjust_text(lebo, arrowprops=dict(arrowstyle='-'))
```

Majina ya nukta zilizo mbalimbali yanaachana vizuri. Tatizo ni miradi minne yenye ugumu 2 na faida 4: majina yanatawanyika, lakini vijistari vyote vinarudi kwenye nukta moja, na msomaji anadhani ni mradi mmoja wenye majina manne. Nilijaribu kusogeza kila nukta kwa bahati nasibu, hadi 0.15 kila upande. Rundo lilifunguka, ila mradi uliokuwa 3 kwa 3, ambao kamati iliuacha katikati kwa makusudi, ukaangukia robo ya "fanya kwanza". Hilo ni kosa kubwa kuliko maandishi kupandiana.

Naomba kuuliza: je, nipange nukta zinazolingana katika kiduara kidogo kuzunguka alama yao halisi, au niweke nukta moja yenye orodha ya majina pembeni? Na zile zilizo juu ya mstari wa 3, mnazitenganishaje bila kuzihamisha robo?