Memo inasema 150,000 kwa mwezi, mhasibu kanikata 450,000!

Wakuu, nina hasira. Aprili niliomba advansi ya mshahara 900,000 kwa ajili ya upasuaji wa mama. Mkuu wa idara alipitisha fomu, afisa utumishi akasaini, mkurugenzi akaidhinisha kwa memo yenye jedwali la marejesho: 150,000 kila mwezi, Mei hadi Oktoba, bila riba.

Mei walikata sawasawa. Juni wakakata 450,000! Mshahara wangu ni 800,000, nikitolewa NSSF na kodi nabaki na 660,000. Nikaingiziwa 210,000, na kodi ya nyumba peke yake ni 150,000. Watoto watakula nini?

Mhasibu anasema wanafunga hesabu 30 Juni na wakaguzi hawataki kukuta madeni ya wafanyakazi yamerundikana. Halafu ananionyesha sharti la 5 kwenye fomu ya maombi: "Mwajiri anaweza kurekebisha makato inapobidi." Sasa jedwali waliliandika la nini?

Fundi Chuma: Pole sana. Sheria ya kazi hairuhusu makato kuzidi robo ya mshahara. Wamevunja sheria, nenda kawashtaki.

Mzee wa Faili: Fundi, hiyo robo ni ya fidia, mfanyakazi akiharibu au kupoteza mali ya mwajiri. Deni liko kwenye kifungu hichohicho cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, lakini hoja yake ni maandishi: mfanyakazi awe amekubali makato kwa maandishi. Mleta uzi, memo ulisaini wewe pia, au wakubwa tu?

Mleta uzi: Nilisaini chini ya jedwali, "nimekubali". Nakala ninayo.

Mzee wa Faili: Basi umeshika pazuri. Ulichokubali kinataja kiasi na miezi, na kimekuja baada ya fomu. Waandikie barua, ambatisha memo na salari slipu za Mei na Juni, dai 300,000 iliyozidi. Wakikaa kimya, nenda CMA, ile tume ya migogoro ya kazi, ukajaze fomu namba 1. Usizembee, kwa mgogoro usio wa kuachishwa kazi una siku 60.

Binti Pangani: Mimi niliacha kazi wakakata salio lote kwenye malipo ya mwisho. Na mimi nidai?

Mzee wa Faili: Yako ni tofauti, dada. Memo nyingi zina sharti kwamba ukiondoka salio lote linakatwa. Soma yako kwanza.

Kaka wa Serikalini: Huku kwetu lazima ubaki na theluthi ya mshahara wa msingi. Kwani kampuni binafsi hawafuati?

Mkata Kiu: Lakini sharti la 5 si alilisaini pia? Mwanasheria wa kampuni atang'ang'ania hapo hapo.

Mzee wa Faili: Atang'ang'ania, ndiyo. "Inapobidi" ni neno pana, siwezi kukuhakikishia mwamuzi wa CMA ataamua vipi.

Mleta uzi: Nimetoka kwa afisa utumishi. Anasema Julai watarudi kwenye 150,000, ila iliyozidi hairudishwi, itahesabika kama nimelipa mapema. Nimemwambia aniandikie hivyo kwa barua, amekataa. Yangu naipeleka kesho asubuhi, na nakala wataigonga muhuri wa kupokelewa mbele yangu.