Spika za masikioni zimezima katikati ya kuapdeti, naombeni msaada

kijana_wa_temeke: Wakuu, nimekwama. Jana usiku nimeapdeti programu dhibiti ya spika zangu zisizo na waya, ikafika 63% ikagoma. Ya kulia inapiga, ya kushoto kimya, hata niibonyeze vipi. Ila apu inaionyesha ina chaji 80%. Kuna fundi Kariakoo anasema ataipasua. Nimpelekee?

MamaZuu: Kama sauti ilikuwa inatoka, ulikuwa unaapdeti nini? TV yangu iliapdetiwa na mwanangu, mpaka leo inajizima taarifa ya habari ikianza.

Dogo_Chaji: Iache iishe chaji kabisa, kisha irudishe kwenye kasha. Zote hufufuka hivyo.

fundi_saketi: Si zote, Dogo. Chipu nyingi huandika programu mpya pembeni ya ile ya zamani, zikaikagua, ndipo zikahamia. Kwa hiyo kukatika tu mara nyingi hakuui. Mkuu, faili ulitoa kwenye apu ya kampuni?

kijana_wa_temeke: Apu ndiyo nilitumia.

fundi_saketi: Faili, mkuu.

kijana_wa_temeke: Kwenye kundi la Telegramu. Ni ya modeli ya juu yake, inaongeza besi. Wengi wameweka na kwa nje zinafanana kabisa, sioni shida ilipo.

Shahidi_Halisi: Hii chai. Spika iliyokufa inasomaje chaji 80%? Mtu anatafuta komenti.

kijana_wa_temeke: Ndugu, nimelala saa mbili tu, nitunge ili nipate nini?

fundi_saketi: Inawezekana. Apu nyingine hubaki na namba ya mwisho iliyopokea. Toa ya kushoto, iache nje ya kasha saa kadhaa, kisha fungua apu. Ikibaki 80 ileile, hiyo ni kumbukumbu tu. Ikishuka, chipu bado inaongea na mwenzake, na hapo una matumaini.

Vyovyote vile, usiirudishe mpaka ikauke chaji, hata ikichukua siku mbili. Hapo Dogo yuko sahihi: spika hizi hazina swichi, na chipu iliyoganda haianzi upya umeme usipokatika. Kisha futa jina lake kwenye blutuuthi ya simu, weka zote mbili kwenye kasha lenye chaji, rudia kwa apu rasmi na faili lake. Ila faili la modeli nyingine likishakaa pale chipu inapoanzia kuwaka, haya yote hayatasaidia. Hapo ni kituo cha huduma chenye kifaa cha kuandikia kupitia pini za chaji, au utafute ya kushoto ya modeli hiyohiyo.

Dogo_Chaji: Na fundi je?

fundi_saketi: Zimegundishwa. Kupasua hakuandiki programu, na kisu kikigusa betri ya lithiamu inaweza kuwaka.

kijana_wa_temeke: Nimeshampa nusu ya hela, na ana uzoefu na simu. Kesho naenda.

fundi_saketi: Basi ya kulia iache nyumbani.