Skripti ya video ya mafunzo yenye njia za kuchagua: matawi yamenizidi, nisaidieni

Kijana wa Katuba
Wakubwa, jambo. Niko Lubumbashi. Duka moja la vyombo vya umeme limenipa kazi ya kutengeneza video ya kufundisha wahudumu wake. Mhudumu anatazama kipande, video inasimama na kumuuliza utafanya nini, anachagua, halafu anaona matokeo ya alichochagua.

Kisa nilichochukua mnakijua wote. Asubuhi mama anarudi dukani na noti ya dola 20 yenye mpasuko mdogo pembeni. "Hii mlinipa jana kama chenji, leo soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, wameikataa." Nyuma yake watu wanangoja. Mhudumu hamkumbuki mama wala noti.

Nimeweka maamuzi 3, kila moja na majibu 3. Niliandika kwa raha mpaka jana usiku nilipohesabu: kipande cha kwanza, kisha 3, kisha 9, kisha 27. Jumla vipande 40! Nina kamera moja, waigizaji watatu na siku mbili za kupiga. Nipunguze maamuzi au kuna ujanja?

Mutoto wa Ruashi
Mbona unajisumbua? Weka vipande vyote YouTube. Mwisho wa kila kipande unaweka vile viboksi vya video inayofuata, mtu anagusa anachotaka. Bure kabisa.

Mama Nguba
Hapo Ruashi amesema nusu. Viboksi hivyo vinakaa sekunde 5 hadi 20 za mwisho tu, na video yenyewe sharti ifike sekunde 25. Majibu ya wateja huwa mafupi, sekunde 12 au 15, kwa hiyo utalazimika kurefusha maneno bila sababu. Mhudumu akichelewa kuchagua, video imekwisha. Halafu kila mara unahitaji mtandao, na megabaiti nani atalipa?

Sasa swali lako, Katuba. Nimeandika skripti za aina hii hapa Bukavu, na kosa lako nililifanya mimi wa kwanza. Usiache kila jawabu lizae ukoo wake. Yarudishe yote matatu kwenye kipande kimoja cha pamoja, mimi nakiita kiungo, toa uamuzi wa pili, yarudishe tena. Hesabu upya: mwanzo 1, majibu 3, kiungo 1, majibu 3, kiungo 1, na miisho 3. Ni vipande 12. Mhudumu bado ataamua mara tatu, na kwake itaonekana njia ni nyingi.

Papa Trezori
Mimi walinikatalia dola 50 kwa sababu ya alama ndogo ya kalamu! Nilizunguka mji mzima. Dawa yake ni wabadilishaji wa barabarani, wanaichukua lakini wanakata. Mwambie huyo mama asibishane na duka.

Kijana wa Katuba
Papa, mama huyo ni wa kwenye hadithi, hahaha. Lakini maneno yako nitampa mtu mmoja wa kwenye mlolongo, yatafaa.

Mama Nguba, nimeelewa, ila kuna jambo linanikwama. Jawabu la kwanza ni "Hii si yetu", mama anawaka. La pili ni "Pole mama, uko na faktura?", anatulia. Nikiwapeleka wote kwenye kipande kimoja, aliyekuwa anapiga kelele ataonekana amepoa ghafla, kama amelogwa.

Mama Nguba
Ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Jambo la kwanza ni kutafuta kitendo kinachotokea katika njia zote. Kwako ni faktura. Aliyekasirika anaibamiza mezani, aliyetulia anaitoa polepole. Kila jawabu liishie mkono ukiwa juu ya faktura. Kiungo kianze kwa faktura pekee, kisha uso wa mhudumu akiisoma, kamera ikiwa nyuma ya bega la mama. Uso wake hatuuoni, basi hakuna wa kusema amepoa.

Sauti ndiyo itakusaliti. Kwa hiyo kila kiungo kipige mara mbili, cha ukali na cha upole, hapo hapo kabla hujahamisha taa. Unafika 14, bado ni kazi ya siku mbili. Ukitumia Twine, programu ya kuandika hadithi zenye matawi, kwenye kila jawabu baya unaweka `(set: $hasira to it + 1)`, na kwenye kiungo cha kwanza unaandika hivi, kwa Harlowe, mmoja wa miundo ya Twine, kisha jawabu la tatu uliongeze kwa namna ile ile:

```
(if: $hasira > 0)[<video src="03_kali.mp4" controls></video>]
(else:)[<video src="03_pole.mp4" controls></video>]
[[Mwite bosi->04A]]
[[Soma faktura naye->04B]]
```

Ukimaliza, toa faili la HTML na uliweke folda moja na video zote. Ukijaribu ndani ya Twine yenyewe picha huenda zisionekane, usishtuke kama mimi. Fungua lile faili ulilotoa. Linafanya kazi bila mtandao, unalibeba kwa flashi.

Nilikaa Kaunta
Miaka sita nimepokea pesa za watu, na skripti yako ina shida nyingine. Jawabu la tatu ni lipi?

Kijana wa Katuba
"Toka hapa, usituletee matatizo."

Nilikaa Kaunta
Nilijua. Hakuna atakayelichagua mbele ya bosi, hata kama sokoni analisema kila siku. Kosa linalotuangusha ni lile linalofanana na wema: kuibadilisha noti haraka ili mlolongo usogee. Liweke hilo. Na matokeo yasije papo hapo. Mama aondoke anashukuru, mhudumu ajione hodari. Jioni wanapohesabu, dola 20 ile haipokelewi na mtu, inakatwa kwenye mshahara wake. Kesho yake wanakuja wengine wawili na noti zilizopasuka: "Tumesikia hapa mnabadilisha."

Faktura nayo usiifanye hakimu. Mama alinunua pasi ya dola 30, akatoa 50. Basi chenji ya 20 kweli alipewa. Lakini haisemi kama ni noti HII.

Mama Nguba
Huyu kaka ameniwahi. Tawi hilo ila lisirudi kwenye faktura, maana mama ameshaondoka. Liende moja kwa moja jioni, liwe mwisho wa mapema. Unakuwa na miisho 4, vipande 15.

Lakini Katuba, duka lenyewe linasema nini? Noti ikirudi siku ya pili na faktura ipo, wanabadilisha au hawabadilishi? Bila hilo huwezi kuandika mwisho mzuri, utakuwa unabuni sheria ya watu.

Kijana wa Katuba
Nimempigia bosi sasa hivi. Amesema "inategemea". Nikamuuliza inategemea nini, akasema mteja ni nani.

Nilikaa Kaunta
Haya. Ndiyo maana watu wanakatwa mishahara.

Mutoto wa Ruashi
Si uandike tu kwamba wanabadilisha? Na mwishoni mpe kila mtu pointi, 8 kwa 10, bosi atafurahi.

Mama Nguba
Pointi mimi sizitaki, watu wanarudia mpaka wapate 10 bila kusikiliza maneno. Najua wenzangu wengi wanaziweka, tunabishana kila mwaka.

Kijana wa Katuba
Bosi anazitaka, nitamweleza. Ile 03 ya ukali na ya upole naipiga Jumamosi, kwa sababu haigusi sheria. Miisho nimeiacha wazi. Jumatatu nakwenda kukaa naye na karatasi yenye swali moja: faktura ipo, noti imepasuka, mteja hajulikani, analipwa au halipwi? Nikipata jibu nitalileta hapa.