MREJESHO: lile swali la kamba na mazulia ya mkonge, Tanga

Niliuliza: "Mkonge kilo 90, muda saa 40. Kamba inakula kilo 2 na dakika 30, zulia kilo 3 na saa 2, oda ya kamba isiyopungua 10. Faida 4,000 kwa kamba, 9,000 kwa zulia. Mbona napata kamba sifuri mazulia 20?"

Wakuu asanteni sana. Aliyesema niweke kamba 10 kwenye kila mstari niliouandika ndo kanifungua macho, maana nilikuwa na 30x + 2y ≤ 40, kamba 10 zikawa zinakula 300 wakati kweli ni saa 5 tu, yaani dakika na saa nimezichanganya. Nikageuza zote saa:

```
0.5x + 2y ≤ 40
2x + 3y ≤ 90
x ≥ 10
y ≥ 0
```

Hapo kwenye oda nilikuwa nimeandika x ≤ 10, neno "isiyopungua" lilinichanganya nikaweka alama ya kupungua. Sasa jibu kamba 24 mazulia 14, faida 222,000, na mkonge na muda vyote vinaisha kabisa.

Ila kwenye masharti ya ziada nimefeli nusu. x ≤ 50 nililoongeza mwenyewe nimelifuta, sawa, maana mkonge wenyewe haupiti kamba 45. Nikafuta na y ≥ 0 nikidhani nalo la ziada, jibu halikubadilika lakini eneo kwenye grafu likafunguka kwa chini, mwalimu akanikata maksi. Sharti la ziada ni lile ukilifuta eneo linabaki vilevile, siyo jibu tu.