Mshahara unachelewa, bosi anataka tuseme ni benki. Wadau mnasemaje?

Mleta mada (Dodoma): Wadau naombeni maoni. Nipo ofisi ya kampuni ndogo ya usafi na ulinzi, tupo kama watu 40, mshahara ni tarehe 28 na leo ni 25. Halmashauri tunayoihudumia haijalipa invoisi, kwenye akaunti kuna milioni 11 na mishahara ni milioni 26. Bosi anataka nitume meseji kwenye grupu niseme "kuna changamoto ya mtandao wa benki, tuvumiliane". Mimi naona waambiwe ukweli, na tarehe itajwe. Nyie mngefanyaje?

Mama Payroli: Mwambie bosi hiyo ya benki itadumu mpaka jioni ya tarehe 28 tu. Walinzi wako wana ndugu na majirani wanaopokea mshahara benki hiyohiyo, wataulizana na jibu watalipata, na mwezi ujao hata benki ikisumbua kweli hakuna atakayewaamini.

Kabla ya kuandika chochote nenda halmashauri ujue invoisi imekwama wapi, kwa mkuu wa idara aliyetakiwa kuthibitisha kazi imefanyika au imeshafika kwa mweka hazina, maana hapo ndipo tarehe inapotoka. Wakikwambia hela itatoka tarehe 5, wewe usiwaambie watu tarehe 5. Hela ikiingia jioni, au ikaangukia ijumaa, mpaka uandae malipo na benki iyapitishe ni jumatatu hiyo. Sema tarehe 9, ukiwahi hakuna atakayekulaumu.

Na hiyo milioni 11 usiikalie. Asilimia 40 kwa kila mtu ni milioni 10 na laki 4, inatosha. Ila angalia wenye mikopo ya benki, ukiwawekea kwenye akaunti rejesho lote linakatwa humohumo na mtu anabaki na nauli tu. Ongea na benki kwanza, au hiyo sehemu wapelekee kwa simu wasaini.

Kaka Ilala: Mnajitesa bure, sheria inampa mwajiri mpaka tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Hapo hajachelewa hata.

Mama Payroli: Hapana kaka, hiyo tarehe 7 ni ya kupeleka PAYE kwa TRA. Mshahara ni siku mliyokubaliana, soma kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kusema ukweli hakumfanyi awe amelipa kwa wakati, deni lipo palepale.

Kaka Ilala: Sawa, kwa hilo nimekuelewa, lakini kwenye sababu bado nabisha. Ukiandika kwenye grupu kwamba mteja hajalipa, kesho muuza sare na mwenye nyumba ya ofisi wote wanajua, wanakuja kudai siku moja na hizo milioni 11 zinaondoka. Taja tarehe, sababu baki nayo.

Mlinzi wa usiku: Mimi ndo hao mnaowajadili. Tarehe kwangu ni kubwa kuliko sababu, nikijua ni tarehe 9 naenda kwa mwenye nyumba namwambia tarehe 9, naongea na kijumbe wa mchezo nibadilishane zamu ya kupokea na mwenzangu. Nikiambiwa tuvumiliane nasubiri siku mbili, baadae naishia kausha damu na riba ile hakuna bosi atakayenilipia. Ila tarehe bila sababu pia naiogopa, nitajuaje haijatungwa?

Binti Moro: Kwetu huu ni mwezi wa tatu hatujalipwa na hakuna anayesema kitu, hivi naweza kushtaki?

Mama Payroli: Dada, yako ni nyingine kabisa. Nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, madai yasiyo ya kuachishwa kazi ni siku 60 tangu mgogoro uanze, ukipitisha unaanza kuomba kwanza kuongezewa muda. Usiendelee kusubiri.

Mleta mada: Nimeandika hivi, bosi anaisoma: "Mshahara wa mwezi huu hautatoka wote tarehe 28. Mteja wetu mmoja mkubwa hajalipa invoisi ya mwezi uliopita. Tarehe 28 kila mtu atapata asilimia 40, iliyobaki ni tarehe 9. Tarehe 5 nitawaambia hela imefikia wapi, iwe imeingia au haijaingia. Mwenye rejesho la mkopo au kodi kabla ya tarehe 9 anione, nitampa barua." Jina la mteja nimeliacha.

Mlinzi wa usiku: Hii ningeielewa. Ila wasomee gwaride la asubuhi na la jioni, wengine hawana smatifoni.

Kaka Ilala: Mi neno invoisi ningelitoa. Na mabosi wenyewe wanapata 40 au wanapata yote? Hilo wataliuliza la kwanza.

Mleta mada: Hilo bado hajanijibu.