Mrejesho: maelekezo ya wapanda mlima kwa Kirusi (Moshi)

"Nimetafsiriwa maelekezo ya wageni kwa Kirusi, nami Kirusi sikijui. Nitajuaje kama yako sawa?"

Asanteni sana wakuu. Nilifuata ushauri wa kumpa mtu mwingine, ambaye hajaona maelekezo yangu, ayarudishe kwenye Kiswahili. Kisha nikalinganisha sentensi kwa sentensi.

Mimi niliandika: "Tunaondoka Moshi saa mbili asubuhi." Ikarudi: "saa nane usiku." Mtafsiri aliandika 2:00 badala ya 8:00! Mgeni angesimama nje gizani na mabegi yake, akisubiri gari saa sita nzima.

Kosa la pili halikunaswa. Wageni waliitwa "ty", ya rafiki au mtoto, badala ya "vy" ya heshima. Kwa Kiswahili yote mawili yalirudi "wewe", hivyo aliyeliona ni Mrusi niliyemwomba asome.